Simu Inapolala, Nani Anatuma Rekodi za Maziwa?

Chukua kituo cha kukusanyia maziwa chenye wafugaji 80. Karani anasimama kando ya mizani tangu alfajiri, na kwa kila debe linalopimwa anaandika kwenye simu nambari ya mfugaji, kilo na saa. Programu ya ushirika imetengenezwa itume rekodi hizo ofisini kila baada ya dakika 15 bila yeye kubonyeza chochote. Saa 4 asubuhi mhasibu aliyeko mjini anafungua kompyuta na kukuta wafugaji 52 tu. Anapiga simu: "Dada, mtandao wa huko umekatika tena?" Karani anatazama simu yake na kuona mtandao upo, tena ujumbe wa WhatsApp unaingia vizuri. Anafungua programu ya maziwa aone kuna nini, na papo hapo rekodi 28 zilizobaki zinaondoka zote kwa mkupuo.

Ni mfano tu, ila kila aliyewahi kutengeneza programu ya kukusanya taarifa mashambani au vijijini anautambua. Mtandao unalaumiwa bure. Programu ilikuwa imelazwa na mfumo wa simu, na ilipofunguliwa ndipo ikaamka. Anayetaka rekodi zifike kwa wakati hana budi kujua nani anailaza, kwa sababu gani, na kwa muda gani. Hapa nitazungumzia simu za Android, kwa kuwa ndizo makarani wengi wanazobeba.

Tuanze na betri. Kioo kikizimika simu haijazimika. Prosesa yake inasinzia na kutumia umeme kidogo mno. Programu ikiiamsha, hata kwa kazi ya sekunde mbili, redio ya mtandao nayo inawashwa, inawasiliana na mnara, inatuma, kisha inabaki macho sekunde kadhaa ikingoja kama kuna kingine kinachokuja. Sekunde hizo za kungoja ndizo ghali. Rekodi moja ya maziwa ni mzigo mwepesi kuliko picha ndogo kabisa, lakini kuituma peke yake kunakula betri karibu sawa na kutuma rekodi 80 kwa pamoja. Sasa weka programu 40 ndani ya simu moja, kila moja ikiamka kwa saa yake, na simu haitafika jioni.

Hadi mwaka 2015 Android haikuzizuia sana. Mwaka huo Google walitoa Android 6.0, ikiwa na utaratibu unaoitwa Doze. Simu ikiwa haijaunganishwa kwenye chaji, kioo kimezimwa, na haijasogezwa kwa muda, mfumo unaamua kwamba mwenyewe hayupo nayo. Kuanzia hapo programu zinanyimwa mtandao, kengele za kawaida walizojiwekea zinaahirishwa, na kazi zilizopangwa zinasubiri. Mara moja moja mfumo unafungua dirisha fupi, na kila programu iliyokuwa na kazi inaifanya ndani ya dakika hizo, zote kwa pamoja, kama abiria wanaosubiri matatu ijae ndipo iondoke. Redio inawashwa mara moja kwa ajili ya wote. Mwaka uliofuata Android 7.0 iliongeza Doze nyepesi, ambayo haihitaji simu itulie mezani. Hata ikiwa mfukoni mwa mtu anayetembea, kioo kikizimwa muda kidogo tu vizuizi vya awali vinaanza, ila madirisha yake ni ya karibu karibu.

Doze nzito ndiyo inayoharibu hesabu za watu, kwa hiyo tuifuate usiku mmoja. Nitatumia muda uliomo katika msimbo wa msingi wa Android, ambao watengenezaji wa simu wana ruhusa ya kuubadilisha. Karani anaweka simu mezani saa 2 usiku, haichaji kwa sababu huchajiwa mchana dukani. Nusu saa ya kwanza mfumo unahesabu tu kwamba kioo kimezimwa. Nusu saa nyingine inapita ukisubiri kuona kama simu itasogezwa. Baada ya dakika chache za kuhakikisha, yapata saa 3:05, simu inaingia usingizi mzito wa saa moja. Saa 4:05 dirisha linafunguliwa kwa dakika 5 hivi. Usingizi unaofuata ni wa saa mbili, kwa hiyo dirisha la pili linakuja saa 6:10 usiku. Halafu unakuwa wa saa nne, na dirisha la tatu linakuja saa 10:15 alfajiri. Muda unazidishwa mara mbili kila awamu mpaka ufike saa sita, na hapo hauongezeki tena.

Karani anaichukua simu saa 11 alfajiri na kuwasha kioo, na Doze inaisha palepale. Ndani ya zile saa nane za usingizi, programu iliyoomba kuamka kila dakika 15 ilitarajia kuamka zaidi ya mara 30. Imepata madirisha matatu. Hakuna kilichoharibika, wala hakuna hitilafu itakayoandikwa popote. Mfumo umefanya kazi yake sawasawa. Aliyeahidi ofisini kwamba taarifa zitafika kila robo saa ndiye aliyeahidi kisichowezekana.

Kuna kizuizi cha pili, na hiki watu wengi hawakifahamu kwa sababu hakitegemei simu imekaaje. Tangu Android 9 ya mwaka 2018, mfumo unazipanga programu katika makundi kulingana na mara ngapi mwenye simu anazitumia. Programu iliyo wazi sasa hivi iko kundi la juu na haibanwi. Inayotumika karibu kila siku iko kundi la pili, na utaratibu huu ulipoanza kazi zake ziliweza kucheleweshwa hadi saa 2. Inayotumika mara kwa mara lakini si kila siku ilicheleweshwa hadi saa 8, na ile inayofunguliwa kwa nadra hadi saa 24. Matoleo ya baadaye yalibadilisha namna ya kuhesabu, na Android 12 ikaanza kutumia kwa kawaida kundi la chini zaidi la programu zilizobanwa kabisa, lakini mpangilio umebaki uleule: kadiri mtu asivyoifungua, ndivyo inavyopewa nafasi chache. Simu ikiwa kwenye chaji, vizuizi vya makundi vinalegezwa, isipokuwa kwa lile kundi lililobanwa.

Kwa karani anayepima maziwa kila siku hilo si tatizo kubwa. Tatizo liko kwa msimamizi wake anayezungukia vituo mara moja kwa wiki. Programu ni ileile, huenda hata simu ni ya aina ileile, ila taarifa za msimamizi zinachelewa siku nzima huku za karani zikifika ndani ya saa mbili. Mtengenezaji asiyejua makundi haya ataisaka hitilafu kwenye msimbo wake wiki nzima asiipate, maana kwenye simu yake mwenyewe, anayoifungua programu mara hamsini kwa siku, kila kitu kinaenda barabara.

Wengi wakikutana na haya wanaanza kupigana. Wanaandika huduma isiyolala, yenye mzunguko usiokwisha unaoangalia saa. Android 8 ya mwaka 2017 ilianza kuzima huduma za namna hiyo dakika chache baada ya mtu kuondoka kwenye programu. Wakahamia kwenye huduma yenye arifa ya kudumu juu ya kioo. Android 12 ikakataza kuianzisha programu ikiwa chinichini, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, Android 14 ikataka kila huduma ijieleze ni ya kazi gani, na Android 15 ikaziwekea zile za kusawazisha data kikomo cha saa 6 ndani ya saa 24. Wengine wanatumia kengele maalumu zinazoruhusiwa kulia hata wakati wa Doze. Hizo nazo, simu ikiwa usingizini, zimewekewa kikomo cha mara moja kila dakika 9 hivi kwa programu moja, na kulia kwa kengele si sawa na kupewa mtandao wa kutumia upendavyo. Kila mlango wa pembeni uliopatikana umefungwa toleo lililofuata, na sioni sababu ya mtu kujenga mfumo wa malipo ya wafugaji juu ya mlango ambao mwakani utafungwa.

Njia inayodumu inaanza kwa kubadilisha swali. Badala ya kuuliza programu itabaki hai vipi, mtu auulize: ikiuawa sasa hivi, kitapotea nini? Kwa programu iliyojengwa vizuri jibu ni kwamba hakipotei chochote. Karani anapobonyeza kuhifadhi, rekodi inaandikwa kwanza kwenye hifadhidata iliyomo ndani ya simu, ikiwa na alama kwamba bado haijatumwa. Kilo 14.5 za mfugaji nambari 37 ziko salama hata betri ikiisha sekunde inayofuata. Kutuma ni kazi nyingine kabisa, inayokuja baadaye na kuuliza swali moja: zipo rekodi zenye alama hiyo?

Sasa, wakati mzuri wa kutuma ni upi? Hapa ndipo ninapotofautiana na mazoea ya wengi, wanaoanza na ratiba ya kila dakika kadhaa. Wakati mzuri kuliko wote ni pale karani yupo na simu mkononi. Kioo kinawaka, redio iko macho, programu iko kundi la juu, na Doze haipo. Kila rekodi inapohifadhiwa, programu iuambie mfumo kwamba kuna kazi ya kutuma, ifanywe mara mtandao ukipatikana. Wakati wa kupima maziwa asubuhi, karibu kila kitu kitaondoka kwa njia hiyo. Kazi ya kujirudia inabaki kuwa ya kuokota masalio, yaani rekodi zilizohifadhiwa mtandao ukiwa haupo na simu ikarudishwa mfukoni. Masalio yanaweza kusubiri saa moja.

Chombo ambacho Google wanakitoa kwa kazi hii ni maktaba ya WorkManager, iliyofika toleo lake la kwanza thabiti mwaka 2019. Yenyewe inaandika maombi ya kazi kwenye hifadhidata yake, kwa hiyo hayapotei simu ikizimwa na kuwashwa. Ombi la kazi ya kujirudia linaandikwa hivi kwa lugha ya Kotlin:

```kotlin
val kazi = PeriodicWorkRequestBuilder<TumaRekodi>(1, TimeUnit.HOURS)
    .setConstraints(
        Constraints.Builder()
            .setRequiredNetworkType(NetworkType.CONNECTED)
            .build()
    )
    .build()

WorkManager.getInstance(context).enqueueUniquePeriodicWork(
    "tuma-rekodi", ExistingPeriodicWorkPolicy.KEEP, kazi
)
```

Mambo mawili ndani ya mistari hii yanafaa kuangaliwa kwa karibu. La kwanza ni muda. Nimeandika saa moja. Muda mfupi unaokubaliwa ni dakika 15, na ukiandika dakika 5 maktaba itaupandisha hadi 15. Zaidi ya hapo, namba hiyo ni ombi la kutokuamshwa mara nyingi kuliko hivyo. Haimaanishi kazi itafanyika saa moja kamili baada ya ile iliyopita, maana Doze na makundi bado vipo juu yake.

La pili ni jina "tuma-rekodi" pamoja na neno `KEEP`. Mistari hii kwa kawaida huwekwa mahali inapotekelezwa kila programu inapofunguliwa. Bila jina la pekee, kila ufunguzi ungeongeza kazi nyingine ya kujirudia juu ya zilizopo, na baada ya mwezi kungekuwa na kazi sitini zinazogombania madirisha yaleyale na kumaliza mgao wa programu. Kwa jina na `KEEP`, iliyopo inaachwa iendelee na mpya haiongezwi.

Kazi yenyewe ijiandae kukatwa katikati. WorkManager inaipa dakika zisizozidi 10, na dirisha la Doze linaweza kufungwa kabla ya hapo. Tuseme kulikuwa na rekodi 40. Simu imetuma 23, seva imezipokea na kuziandika, lakini kabla jibu halijarudi mtandao umekatwa. Simu haijui kwamba 23 zimefika. Dirisha linalofuata itazituma tena zote 40, na kama seva haijajiandaa, wafugaji 23 watahesabiwa maziwa mara mbili. Hasara hiyo ni mbaya kuliko kuchelewa, maana ni pesa. Dawa yake ni kila rekodi kupewa kitambulisho cha pekee palepale simu inapoihifadhi, kabla ya kutumwa popote. Seva ikiona kitambulisho ambacho tayari inacho, inajibu kwamba imepokea na haiandiki mara ya pili. Rekodi zitumwe kwa mafungu madogo, tuseme kumi kumi, na alama ibadilishwe baada ya kila fungu lililojibiwa, ili kukatwa katikati kusirudishe kazi yote mwanzo.

Kutuma kukishindikana kwa sababu ya mtandao, kazi irudishe `Result.retry()`. Mfumo utajaribu tena baada ya sekunde 30, halafu muda huo unaongezeka mara mbili kila jaribio mpaka ukomo wa saa 5. Asiandike mtu mzunguko wake mwenyewe wa kujaribu ndani ya kazi. Huo ndio unaokula zile dakika 10 na kuifanya programu ionekane mla betri.

Tufike kwenye kizuizi cha tatu, kinachowaumiza watu kuliko viwili vya kwanza. Watengenezaji wengi wa simu wanaongeza vizimaji vyao juu ya Android ya Google, kwa sababu betri inayodumu inauza simu. Majina na mahali vilipofichwa hutofautiana: kwenye simu za Samsung kuna orodha za `Sleeping apps` na `Deep sleeping apps`, kwenye za Xiaomi kuna ruhusa ya `Autostart`, na kwenye nyingine kuna programu ya kusafisha simu iliyokuja nayo kutoka kiwandani. Watengenezaji wa programu moja ya kufuatilia usingizi, waliochoka na malalamiko ya wateja, walianzisha tovuti ya dontkillmyapp.com inayoeleza kila kampuni inazimaje programu na mpangilio gani ubadilishwe. Ni mahali pazuri pa kuanzia kabla ushirika haujanunua simu za makarani.

Vikali zaidi kati ya vizimaji hivyo vinafanya jambo lililo sawa na kubonyeza kitufe cha `Force stop`. Kwenye Android ya kawaida, karani akiifuta programu kwenye orodha ya zilizo wazi, kazi zilizopangwa zinabaki. `Force stop` inafuta kengele zote na kazi zote, na hakuna kitakachoiamsha programu hiyo mpaka mtu aifungue kwa mkono wake. WorkManager itagundua hilo pale itakapofunguliwa na kupanga kazi upya, lakini kabla ya hapo ni kimya kitupu. Kuna simu ambazo kufuta tu kwenye orodha ya zilizo wazi kunaleta matokeo hayohayo. Karani aliyefundishwa na jirani kwamba kufuta programu kunaokoa betri anaizima programu ya ushirika kila siku bila kujua.

Utajuaje basi ni kizuizi kipi kati ya vitatu? Programu ijiandikie daftari. Kila kazi ya kutuma inapoanza iandike saa, inapomaliza iandike saa na idadi ya rekodi, na daftari hilo litumwe ofisini pamoja na rekodi. Ukikaa na madaftari ya simu tatu, mapengo yenyewe yanazungumza.

Simu ya kwanza inaonyesha kazi zikifanyika vizuri mchana, halafu usiku mapengo ya saa moja, mbili, nne. Hiyo ni Doze, na haihitaji kutibiwa, kwa sababu hakuna anayepima maziwa saa 8 usiku. Simu ya pili ina mapengo marefu hata mchana, yakikaribia saa 8 au siku nzima, lakini kazi inafanyika mwishowe bila mtu kufungua programu. Hiyo iko kundi la chini, na dawa ni kuangalia kama mwenye simu anaitumia programu kweli, au kama rekodi zake zinaweza kuondoka pale anapozihifadhi. Simu ya tatu ina mapengo yasiyo na mpangilio, na kila pengo linaishia dakika ileile programu ilipofunguliwa kwa mkono. Haijawahi kuamka yenyewe hata mara moja. Hiyo inauawa na kizimaji cha mtengenezaji au na mkono wa mwenyewe, na ndiyo simu ya karani wetu wa mwanzo.

Ukitaka uhakika, iunganishe simu na kompyuta na uulize mfumo wenyewe:

```
adb shell am get-standby-bucket com.example.maziwa
adb shell dumpsys jobscheduler | grep -A 30 com.example.maziwa
```

Amri ya kwanza inarudisha namba ya kundi: 10 ni la juu kabisa, 20 la matumizi ya kila siku, 30 la mara kwa mara, 40 la nadra, na 45 lililobanwa. Amri ya pili inaonyesha kazi iliyopangwa na masharti yake ambayo hayajatimia. Ukiona `CONNECTIVITY` kwenye mstari wa `Unsatisfied constraints`, inasubiri mtandao. `DEVICE_NOT_DOZING` maana yake Doze imeizuia, na `WITHIN_QUOTA` maana yake mgao wa kundi lake umekwisha. Usipoiona kazi yenyewe kabisa, ujue imefutwa, na hapo unaacha kuutafuta mchawi kwenye msimbo na kwenda kwenye mipangilio ya simu. Kuanzia Android 11 programu inaweza pia kuuliza yenyewe ilikufaje mara ya mwisho, kwa kuita `getHistoricalProcessExitReasons`, na jibu la `REASON_USER_REQUESTED` linaonyesha kuwa kwa mfumo kifo hicho kimehesabiwa kuwa ni matakwa ya mwenye simu.

Si lazima usubiri usiku kujaribu haya. Simu inaweza kulazwa kwa amri, ukatazama programu inafanya nini, kisha ukairudisha:

```
adb shell dumpsys battery unplug
adb shell dumpsys deviceidle force-idle
adb shell dumpsys deviceidle unforce
adb shell dumpsys battery reset
```

Mstari wa kwanza unaidanganya simu kwamba haiko kwenye chaji, maana ikijiona inachajiwa haitalala. Hakikisha kioo kimezimwa kabla ya mstari wa pili. Ukihifadhi rekodi kadhaa bila mtandao, ukailaza simu, ukaiamsha, rekodi zote zikafika seva mara moja moja bila kujirudia, programu imefaulu mtihani mkubwa.

Wengi huuliza kuhusu kumwomba mwenye simu aiondoe programu kwenye udhibiti wa betri. Ruhusa hiyo ipo, na inaipa programu mtandao hata ndani ya Doze, ingawa kengele zake za kawaida bado zinaahirishwa. Google Play inawaruhusu kuiomba moja kwa moja wale tu ambao kazi kuu ya programu yao ingevunjika bila hiyo. Kwa programu ya maziwa ningeiacha. Ningeiomba kwa kifaa kinachofuatilia joto la tangi la maziwa usiku, ambako saa nne za kimya ni lita nyingi zilizoharibika. Tena ruhusa hiyo ya Google haivigusi vizimaji vya watengenezaji wa simu. Kwa hivyo kuna kazi moja tu, nayo haina njia ya mkato: siku karani anapokabidhiwa simu, mtu aketi naye, afungue mipangilio ya betri ya simu hiyo hasa, aitoe programu ya ushirika kwenye orodha ya zinazolazwa, na amweleze kwa nini asiifute kwenye orodha ya zilizo wazi.

Ofisi nayo ikitaka kuisukumia simu jambo la haraka, kama bei mpya ya lita, isitegemee simu iulize yenyewe. Seva itume ujumbe wa kipaumbele cha juu kupitia Firebase Cloud Messaging, huduma ya Google ambayo inaruhusiwa kuiamsha programu iliyo kwenye Doze ilhali simu ina mtandao. Ujumbe huo utumike kwa jambo ambalo karani ataliona kwenye arifa. Ukiutumia kimyakimya kila robo saa ili kuiamsha programu, mfumo unauteremsha kipaumbele. Na programu ambayo imelazimishwa kusimama haitaupokea hata huo.

Kinachobaki ni kumwonyesha karani ukweli. Juu ya ukurasa wa kwanza wa programu paandikwe mstari mmoja: rekodi 28 zinasubiri kutumwa, mara ya mwisho kutuma ni saa 1:40 asubuhi. Pembeni pake pawe na kitufe cha kutuma sasa. Karani akiona 28 badala ya sifuri wakati anafunga kituo, atabonyeza kabla hajaitia simu mfukoni. Kwa mhasibu, ukurasa wa kompyuta uonyeshe kila kituo na saa kilipotuma mara ya mwisho, kwa rangi tofauti kikipitisha saa tatu wakati wa kazi. Saa tatu kwa sababu kwa simu inayotumika kila siku mfumo uliweza kuchelewesha hadi mbili, na moja zaidi ni ya mtandao mbovu. Kituo kikipita hapo mhasibu ana sababu ya kupiga simu, na swali la kwanza la kuuliza ni namba gani imeandikwa juu ya ukurasa.